Taarifa ya uvujaji wa data kwa wateja wa Korea: kutafsiri mstari kwa mstari au kuandika upya?

Kampuni ikivamiwa na taarifa za wateja zikachukuliwa, barua ya kuwaarifu huandikwa mara moja na wanasheria, kisha husambazwa kwa watafsiri wa lugha zote kwa mkupuo. Lugha nyingi hustahimili utaratibu huo. Kikorea kinaustahimili kwa shida, kwa sababu mbili. Kwanza, Korea Kusini ina sheria inayotaja mambo ambayo lazima yawemo kwenye barua na muda wa kuituma. Pili, maneno kadhaa yanayojirudia kwenye barua za namna hii hugawanyika mara mbili yakifika kwenye Kikorea, na mteja akipewa nusu isiyo yake atakimbilia benki badala ya kubadili nywila.

Msimamizi wa kazi hii ana njia mbili mbele yake. Anaweza kuagiza tafsiri ya mstari kwa mstari, ambapo kila sentensi ya barua ya asili ina sentensi yake ya Kikorea, kwa mpangilio uleule. Au anaweza kuchukua yale yaliyomo kwenye barua, akayapanga upya kwa mfumo ambao Mkorea amezoea kuuona kwenye taarifa kama hizi, na kuandika moja kwa moja kwa Kikorea. Ipo pia njia ya mseto, nitaigusa baadaye. Ninakoegemea nakusema mapema: barua inayomfikia mteja iandikwe upya. Tafsiri ya mstari kwa mstari ina kazi yake, lakini kazi hiyo iko ofisini.

Sheria inadai nini

Sheria husika ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, 개인정보 보호법, na kifungu cha kushika ni cha 34. Kinataka mteja aambiwe mambo matano: ni vipengele gani vya taarifa zake vimevuja, lini na katika mazingira gani, yeye mwenyewe afanye nini ili kupunguza madhara, kampuni imechukua hatua gani na njia ya kudai fidia ikoje, na idara ipi inapokea malalamiko, pamoja na mawasiliano yake. Tangu tarehe 15 Septemba 2023 muda wa kumjulisha mteja ni saa 72 tangu kampuni ilipojua. Saa hizo hazisimami Jumamosi wala sikukuu. Kanuni za utekelezaji zinaongeza jambo linalosahaulika mara nyingi: kama vipengele vilivyovuja au mazingira ya tukio bado hayajathibitishwa, unatuma kwanza kile kilichothibitishwa, kisha unapeleka taarifa ya nyongeza mara mengine yanapojulikana.

Taarifa kwa mamlaka ni suala jingine. Hiyo nayo ina saa 72, na inahitajika pale waathirika wanapofika 1,000, au taarifa nyeti zinapohusika, au chanzo kinapokuwa uvamizi kutoka nje. Inapelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi au kwa KISA, shirika la serikali linaloshughulikia usalama wa intaneti. Mtafsiri hahusiki nayo sana, ila ajue kwamba karatasi hizo mbili zitalinganishwa. Sheria hii hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo mwanasheria asome toleo linalotumika siku ya kutuma.

Kisa cha kufanyia kazi

Tuchukue huduma ya mtandaoni yenye wateja Korea. Mvamizi aliingia kwenye mfumo wa huduma kwa wateja tarehe 8 Machi 2026 saa 17:40 UTC. Timu ya usalama ikagundua tarehe 10 Machi saa 01:15 UTC. Barua ya asili, iliyoandikwa kwa ajili ya dunia nzima, ina aya hii katikati:

> Huenda baadhi ya taarifa za akaunti yako, zikiwemo jina, anwani na namba ya utambulisho, zilifikiwa na mtu asiyeruhusiwa tarehe 8 Machi. Tunakushauri ubadilishe nywila yako kabla ya tarehe 20 Machi.

Mtafsiri mzuri anayefuata mstari atarudisha hivi:

> 3월 8일 이름, 주소, 식별번호를 포함한 귀하의 일부 계정 정보가 권한 없는 자에 의해 접근되었을 수 있습니다. 3월 20일 전에 비밀번호를 변경하실 것을 권장드립니다.

Sarufi haina kasoro, adabu ipo. Mhariri wa lugha ataipitisha. Sasa tazama aya ileile ikiandikwa upya, baada ya mtafsiri kupata majibu ya maswali yake:

> 2026년 3월 9일 02:40경(한국시간) 외부인이 당사 고객상담 시스템에 불법 접속하여 고객님의 개인정보가 유출된 사실을 확인하였습니다.
>
> 유출된 항목: 이름, 이메일 주소, 배송지 주소, 회원번호, 일방향 암호화된 비밀번호
>
> 유출되지 않은 항목: 카드번호, 계좌번호
>
> 고객님께서 하실 일: 2026년 3월 19일(목) 23:59(한국시간)까지 비밀번호를 변경해 주십시오. 변경하지 않으시면 3월 20일 09:00부터 로그인이 제한됩니다.

Toleo hili la pili linasema kwamba tarehe 9 Machi saa 02:40 hivi, kwa saa za Korea, mtu wa nje aliingia kinyume cha sheria kwenye mfumo wa huduma kwa wateja na taarifa za mteja zikavuja. Vilivyovuja ni jina, barua pepe, anwani ya kupelekewa mizigo, namba ya mwanachama na nywila iliyosimbwa kwa njia moja; namba za kadi na za akaunti ya benki hazikuvuja. Mteja abadili nywila hadi Alhamisi tarehe 19 saa 23:59, la sivyo kuanzia tarehe 20 saa 09:00 atazuiwa kuingia. Tofauti zao kwa ufupi ni hizi:

| | Mstari kwa mstari | Kuandika upya |
|---|---|---|
| Kichwa | 계정 관련 중요 안내 (tangazo muhimu kuhusu akaunti) | 개인정보 유출 사실 안내 (taarifa ya kuvuja kwa taarifa binafsi) |
| Siku ya tukio | tarehe 8, kwa saa za UTC | tarehe 9, kwa saa za Korea |
| Mwisho wa kuchukua hatua | «kabla ya tarehe 20» | siku, saa na ukanda wa saa |
| Taarifa zilizovuja | baadhi, kwa mifano | orodha kamili |
| Hatua | ushauri | ombi la wazi na matokeo ya kutotimiza |
| Kinachochelewesha | karibu hakuna | majibu kutoka timu ya usalama |
| Mahali pake | jalada la ofisi, wanasheria | mteja |

Safu ya kwanza inashinda kwa kasi na kwa urahisi wa kukagua, maana mtu wa makao makuu asiyejua Kikorea anaweza kuhesabu sentensi na kuona kwamba zinalingana. Ni faida ya kweli. Lakini inamfaa mkaguzi, na barua haiandikwi kwa ajili ya mkaguzi.

Tarehe: hapa ndipo makosa hujificha

Korea iko saa tisa mbele ya UTC mwaka mzima, kwa kuwa haisogezi saa wakati wa kiangazi. Maana yake ni kwamba tukio lolote lililotokea kuanzia saa 15:00 UTC limetokea kesho yake kwa mteja wa Seoul. Kwenye kisa chetu, «tarehe 8 Machi» ya barua ya asili ni tarehe 9 kwake, na akiangalia historia ya kuingia kwenye akaunti yake ataona tarehe 9. Barua ikisema 8, atadhani kuna uvamizi wa pili ambao hajaambiwa. Usikokotoe kichwani usiku wa manane. Acha mashine ifanye:

```
TZ=Asia/Seoul date -d '2026-03-08 17:40 UTC' '+%F %H:%M'
2026-03-09 02:40
```

Kwa njia hiyohiyo, saa 01:15 UTC ya tarehe 10 ni saa 10:15 asubuhi Korea, na saa 72 zinaishia Ijumaa tarehe 13 saa 10:15. Hiyo ndiyo saa inayomhusu mtafsiri, na inafaa iandikwe juu kabisa ya agizo la kazi.

Neno «kabla» lina mtego wake. Kikorea kina 전 na 이전. «3월 20일 전» haijumuishi tarehe 20. «3월 20일 이전» inaijumuisha. Silabi moja inabeba siku nzima, na wasomaji wengi hawasimami kuitofautisha. Njia salama ni kuyaacha yote mawili na kutumia 까지, ambayo ina maana ya «hadi na pamoja na», ikiambatana na saa kamili. Vilevile epuka «ndani ya siku 14» (14일 이내), kwa sababu mteja hajui zinahesabiwa kuanzia barua ilipotumwa, alipoipokea, au alipoifungua. Siku za kazi, 영업일, ni mbaya zaidi, maana sikukuu za Korea si sikukuu za makao makuu.

Kwenye mfano wetu mtafsiri aliuliza swali moja: mfumo utafunga akaunti saa ngapi hasa? Jibu likawa tarehe 20 saa 00:00 UTC, yaani saa 09:00 asubuhi Korea. Angeweza kuandika 08:59 kama mwisho, na ingekuwa kweli, lakini nani anakumbuka saa ya namna hiyo? Akairudisha hadi 23:59 ya tarehe 19 ambayo kila mtu anaielewa, na saa ya kufungwa akaiacha ilivyo. Kusogeza mwisho nyuma hakumdhuru mteja. Kuusogeza mbele kunamfungia nje.

Kilichovuja: akaunti ipi?

Sehemu hii ndiyo ninayoitumia zaidi kupima rasimu, na neno la kwanza ninalolitafuta ni «akaunti». Kwa Kiswahili neno ni moja, ukiwa benki au ukiwa kwenye programu ya simu. Kikorea kinatenganisha: 계정 ni akaunti ya kuingilia kwenye huduma, 계좌 ni akaunti ya benki. Mteja akisoma 계좌 정보 유출 atapigia benki yake simu kabla hajamaliza sentensi. Mtafsiri mwenye uzoefu hawezi kukosea kwenye sentensi iliyo wazi, lakini barua hizi zina orodha: «namba ya akaunti», bila muktadha. Hapo hata bingwa anakisia. Anayeandika upya anauliza, na anapata jibu kwamba ni namba ya mwanachama, 회원번호, ambayo haina madhara makubwa.

«Namba ya utambulisho» ni hatari zaidi. Mkorea akisikia namba ya utambulisho anawaza 주민등록번호, namba ya usajili wa mkazi ambayo kwa kawaida mtu anaishi nayo maisha yake yote. Tangu Agosti 2014 kampuni hairuhusiwi kuichukua isipokuwa sheria itaje hivyo. Ukiitumia kimakosa umemtisha mteja, na juu yake umekiri kwa maandishi kwamba kampuni ilikuwa na kitu ambacho pengine haikutakiwa kuwa nacho. Tafsiri ya tahadhari, 식별번호, haisaidii sana, kwa sababu haisemi ni namba ya nini, na mwenye wasiwasi hujaza pengo kwa lile baya. Na ukisema 아이디, Mkorea anaelewa jina la kuingilia, wala hawazi kitambulisho. «Anwani» nayo isiachwe peke yake: sema ni ya barua pepe, 이메일 주소, au ya kupelekewa mizigo, 배송지 주소, au zote mbili.

Kisha kuna kile kinachokosekana kwenye orodha. Maneno «zikiwemo» na «baadhi» humwacha mwandishi wa asili na nafasi ya kupumua. Kwa Kikorea kazi hiyo hufanywa na neno 등, «na kadhalika», linaloweza kufunga orodha au kuiacha wazi. Kwenye taarifa ya uvujaji lifute. Sheria inataka vipengele, na orodha inayoishia na 등 haijamaliza kuvitaja. Andika vyote, kimoja kimoja, kisha andika ambavyo havikuvuja, ikiwa tu timu ya usalama imethibitisha hivyo. Mstari wa 유출되지 않은 항목 unaweza kupunguza simu kwa dawati la huduma kuliko aya nzima ya maelezo.

Nywila iliyopitishwa kwenye usimbaji wa njia moja iandikwe 일방향 암호화된 비밀번호. Neno 암호화 peke yake linaacha swali kama inaweza kufunguliwa tena, na maana ya hatua inayofuata inategemea jibu hilo.

Limebaki neno la tukio lenyewe. Barua za asili hupenda «zilifikiwa» au «zilionekana», na mtafsiri anayefuata mstari ataandika 접근 au 노출. Neno la sheria ni 유출, kuvuja. Hili si suala la ladha. Mwishoni mwa 2025 Coupang, kampuni kubwa ya biashara ya mtandaoni Korea, iliwaarifu wateja kwa kutumia neno 노출, kufichuka; mwezi Desemba Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikaitaka irekebishe taarifa iseme 유출, itaje vipengele vyote vilivyovuja, na iwaarifu wateja upya. Kama uvujaji umethibitishwa, andika 유출. Kama haujathibitishwa, sema hivyo waziwazi: 유출 여부를 확인 중입니다, yaani «tunaendelea kuthibitisha kama kuna kilichovuja». Kilicho kibaya ni kulitumia «huenda» kufunika jambo ambalo tayari linajulikana. Mtafsiri ana haki ya kuuliza: hili «huenda» ni la kweli, au ni la wanasheria?

Hatua: nani afanye, na asipofanya

Kikorea huacha kiima pale kinapoeleweka, na kwenye barua ya heshima huachwa karibu kila mahali. «Wewe» ya moja kwa moja, 당신, haifai kabisa. Kwa mteja inasikika kama ya ugomvi. Kwa hiyo tafsiri ya kawaida itasema 비밀번호를 초기화하였습니다, «nywila imewekwa upya», na msomaji asijue kama ni kampuni iliyofanya au ni yeye anayetakiwa. Kwenye sehemu ya hatua rudisha viima: 당사는 kwa kampuni, 고객님께서는 kwa mteja. Itasikika nzito kidogo kwa sikio la mhariri. Mwache anung'unike.

Uzito wa ombi nao una ngazi. 권장드립니다 ni ushauri. Mteja anaweza kuupuuza kwa amani. 해 주시기 바랍니다 ni ombi rasmi, lakini limezoeleka hata kwenye matangazo ya lifti kiasi kwamba halimshtui mtu. 해 주십시오 ni ombi la kutekelezwa. 하셔야 합니다 ni wajibu. Barua ya asili inayosema «tunakushauri» wakati akaunti itafungwa inasema nusu ya ukweli, na tafsiri ya mstari itaibeba nusu hiyo kwa uaminifu. Mimi huchagua 해 주십시오 na kuweka matokeo kwenye sentensi inayofuata, maana matokeo yana nguvu kuliko kitenzi chochote. Njia ya kufika kwenye ukurasa wa kubadili nywila iandikwe kwa maneno yaleyale yaliyo kwenye programu ya Kikorea, mathalani [내 정보] > [보안] > [비밀번호 변경]. Mtafsiri akiyabuni, mteja atatafuta kitufe ambacho hakipo.

Hatua nyingine hazitafsiriki, zinabadilishwa. Barua zinazotoka Marekani humwambia mteja azuie taarifa zake kwa mashirika ya mikopo ya huko. Kwa mkazi wa Korea ushauri huo ni bure. Badala yake mwelekeze kwenye 엠세이퍼 (msafer.or.kr), ambako mtu anaweza kuzuia laini mpya ya simu isifunguliwe kwa jina lake, na kwenye namba 118 ya KISA kwa malalamiko ya taarifa binafsi. Kwa kipengele cha fidia taja kamati ya usuluhishi, 개인정보 분쟁조정위원회, simu 1833-6972. Hapa tafsiri ya mstari kwa mstari haina pa kushika, kwa kuwa hakuna mstari wa asili unaolingana.

Kuna pia suala la kiungo. Ulaghai kwa ujumbe mfupi, 스미싱, ni tatizo kubwa Korea, na ujumbe unaosema «taarifa zako zimevuja, bofya hapa» ndio sura yake kamili. Kwenye ujumbe wa simu usiweke kiungo. Mwambie mteja afungue programu mwenyewe.

Na ujumbe wa simu una mipaka. Ule mrefu unaoitwa LMS unabeba baiti 2,000, na kila herufi ya Hangul inakula mbili, kwa hiyo unapata herufi zisizofika 1,000 hivi ukihesabu na alama. Barua ya mambo matano iliyoandikwa upya inaingia. Barua ndefu ya wanasheria iliyotafsiriwa yote haiingii, na hapo mtu wa huduma kwa wateja anaifupisha mwenyewe, saa mbaya, bila mwanasheria. Ghafla kuna matoleo mawili ya Kikorea yasiyosema kitu kimoja.

Kuhusu kuomba radhi nisiwe mrefu. Mkorea anatarajia aya ya kwanza ibebe 깊이 사과드립니다. Barua nyingi za asili hukwepa neno hilo kwa hofu ya kukiri kosa. Mtafsiri asiamue peke yake. Apeleke kwa mwanasheria sentensi ya kuomba radhi kwa usumbufu, 심려를 끼쳐 드려 깊이 사과드립니다, ambayo haisemi nani alikosea, na asubiri jibu.

Mseto, na pale mstari kwa mstari unapofaa

Makao makuu mengine hayakubali maandishi yabadilike, hata kwa sababu nzuri. Hapo mseto unaokoa: juu unaweka kisanduku cha Kikorea chenye mambo matano, tarehe na hatua, chini yake tafsiri ya mstari kwa mstari ya barua nzima. Ni bora kuliko tafsiri tupu. Hatari yake ni kisanduku kusema tarehe 9 na barua kusema tarehe 8, au kisanduku 유출 na barua 접근. Ukichagua mseto, rekebisha tarehe na maneno hayo hata ndani ya tafsiri, na mwambie aliyekuagiza kwamba umefanya hivyo.

Tafsiri ya mstari kwa mstari peke yake naikubali sehemu mbili. Ya kwanza ni jalada la wanasheria wa Korea wanaohitaji kujua wateja wa nchi nyingine waliambiwa nini. Ya pili ni kinyume chake: barua iliyoandikwa upya kwa Kikorea irudishwe kwa lugha ya makao makuu, sentensi kwa sentensi, ili watie saini wakijua wanachotuma. Bila kurudi huko, ni haki yao kukataa.

Jinsi ya kubana kazi ndani ya saa 72

Kuandika upya hakuchelewi kwa sababu ya kuandika. Mtafsiri aliyezoea anamaliza rasimu kwa asubuhi moja. Kinachokula saa ni majibu, kwa hiyo maswali yatoke kabla barua ya asili haijakamilika: vipengele vilivyovuja ni vipi, kimoja kimoja, na vipi vimethibitishwa kuwa salama, tukio lilianza na kugunduliwa saa ngapi kwa UTC, mteja asipochukua hatua nini kinatokea na saa ngapi hasa, ni idara gani itapokea simu kwa Kikorea, na saa zipi. Hilo la mwisho huonekana dogo. Namba inayopokelewa kwa Kiingereza tu, usiku wa Seoul, imeandikwa kutimiza sheria na haimsaidii mtu.

Rasimu ikiwa tayari, mpe Mkorea ambaye hajaiona barua ya asili, aisome mara moja kwenye simu, kisha mwulize: nini chako kimevuja, unatakiwa ufanye nini, mwisho lini, na usipofanya? Akirudi kutafuta jibu, sentensi hiyo haijakaa. Akisema «nadhani ni akaunti ya benki», umepata ulichokuwa unakitafuta.

Turudi kwenye kisa chetu. Tarehe 12 Machi, barua ikiwa imeshatumwa, timu ya usalama inagundua kwamba tarehe za kuzaliwa nazo zilikuwa kwenye jedwali lililonakiliwa. Kwa aliyetuma tafsiri ya mstari kwa mstari, kishawishi ni kunyamaza, kwa kuwa «baadhi ya taarifa za akaunti» tayari inafunika kila kitu. Sheria haikubali hivyo. Mteja hajawahi kuambiwa 생년월일. Aliyeandika upya ana orodha, na orodha inaonyesha pengo. Anatuma barua ya pili yenye kichwa [추가 통지] 개인정보 유출 항목 추가 안내, anataja tarehe ya ile ya kwanza, anairudia orodha yote tangu mwanzo na kuweka (추가) mbele ya 생년월일, na anaeleza kama tarehe ya mwisho ya kubadili nywila imebaki ileile.